Kamba Darini, Kete Kombeni

Wasomaji wengi wa Kiswahili waliokutana na Omar Khayyam walikutana naye kwa mkono wa Shaaban Robert, aliyetuachia Omar Khayyam kwa Kiswahili mwaka 1952. Shaaban Robert hakuanzia kwenye Kiajemi. Alifasiri kutoka Kiingereza cha Edward FitzGerald, aliyechapisha rubai zake kwa mara ya kwanza mwaka 1859 katika kitabu chembamba chenye beti 75. Kwa hiyo picha tulizopokea zilikuwa zimekwisha kuhama lugha mara moja kabla hazijatufikia. Nataka kuuchukua ubeti mmoja tu kati ya hizo, nirudi nao mpaka kwenye Kiajemi, kisha niulete moja kwa moja katika Kiswahili bila kupitia Uingereza. Ni ubeti wa alfajiri, ule ambao FitzGerald aliuweka mlangoni mwa kitabu chake.

Katika chapa ya 1859 picha zake ni hizi. Asubuhi imetupa jiwe ndani ya bakuli la usiku, na kwa jiwe hilo nyota zimetimka. Halafu anatokea mwindaji wa mashariki, ambaye amekwisha kuunasa mnara wa sultani kwa kitanzi cha nuru. Ni picha za kupendeza, lakini msomaji makini anakwama pale pale mwanzoni: jiwe likitumbukia bakulini, nyota zinakimbilia wapi, na kwa nini?

FitzGerald alijua kwamba wasomaji wake wangekwama, akaandika maelezo nyuma ya kitabu. Alieleza kuwa jangwani, kutupa jiwe ndani ya kikombe ilikuwa ishara ya kuwaambia watu wapande farasi, safari imewadia. Ukishalijua hilo, ubeti mzima unabadilika. Anga la usiku ni kambi. Nyota ni wasafiri waliolala humo. Mlio wa jiwe unasikika, na kambi inavunjwa. Nyota hazikimbii kwa kutishwa na mwanga, zinaondoka kwa sababu zimeitwa kuondoka.

Hapa ndipo mfasiri wa picha anapoonja kazi yake. Msomaji anaona jiwe, bakuli na nyota, lakini kinachoviunganisha vitatu hivi ni desturi ambayo haimo ndani ya maneno. Ukihamisha vitu na kuiacha desturi, umehamisha mizigo bila kamba iliyoifunga. FitzGerald mwenyewe hakuridhika. Alipotoa chapa ya pili mwaka 1868, jiwe na bakuli havikuwamo tena. Jua likawa linazifukuza nyota, na kitanzi kilichounasa mnara kikageuka mshale wa nuru unaoupiga. Mshale hauhitaji maelezo nyuma ya kitabu, kila mtu anaujua. Nami naona ubeti ulipoteza uti wake wa mgongo siku ile, kwa sababu mwanga kufanana na mshale ni jambo ambalo mshairi yeyote angeweza kulisema.

Sasa turudi nyuma. Mwaka 1899 Edward Heron-Allen alitoa kitabu kilichozifuata beti za FitzGerald moja moja hadi kwenye chanzo chake cha Kiajemi. Ubeti huu aliuonyesha katika nakala ya mkono ya Kalkuta, ile ambayo Edward Cowell, rafiki wa FitzGerald na mwalimu wake wa Kiajemi, alimpelekea kutoka India. Kama ni wa Khayyam mwenyewe, yule mwanahesabu na mnajimu wa Nishapur aliyeishi kati ya 1048 na 1131, hakuna anayeweza kuapa. Rubai nyingi zilizobandikwa jina lake zimekusanywa muda mrefu baada ya kifo chake. Naomba msomaji aniruhusu niseme tu mshairi, maana swali la nani aliandika halibadilishi tunachokiona ndani ya ubeti.

Katika mshororo wa kwanza wa Kiajemi, jua limerusha kamandi ya asubuhi juu ya bam, yaani dari ya nyumba. Katika wa pili, Kaikhusrau wa mchana ametupa muhra ndani ya jam. Katika wa tatu msomaji anaambiwa anywe mvinyo. Sababu ya kuambiwa hivyo inaanza hapo na kumalizikia mshororo wa nne: mnadi anayeamka alfajiri ameusambaza katika siku zote wito wa neno moja la Kiarabu, ishrabu. Nyota hazimo. Sultani hayumo. Mwindaji hayumo. Hivyo vyote ni nyongeza za FitzGerald, na si nyongeza za ovyo, kwa sababu zile nyota ndizo zilizomfanya Mwingereza aione kambi. Lakini kwa kuziongeza ilibidi apunguze, na alichopunguza ni nusu ya pili nzima: mnadi na wito wake. Wito wa kunywa alikuja kuupa sauti nyingine, katika ubeti uliofuata.

Kabla sijagusa vina wala mizani, huwa naandika orodha ya maswali pembeni mwa kila picha: nani anatenda, anatenda nini, kwa kifaa gani, na kifaa kinaangukia wapi. Kazi hii inachosha kidogo, ila ndiyo inayofichua mifupa ya shairi. Katika ubeti huu ilifichua jambo ambalo halionekani kabisa kwa FitzGerald. Mishororo mitatu, wa kwanza, wa pili na wa nne, inaishia na neno lile lile la Kiajemi, afgand, yaani alitupa au alirusha. Jua limerusha kamba. Mfalme amerusha kete. Mnadi amerusha sauti. Washairi wa Kiajemi wana jina la neno linalojirudia hivyo mwishoni baada ya kina: wanaliita radifu. Kina chenyewe kinakaa kabla yake: bam, jam, ayyam.

Basi sitiari kubwa ya ubeti si jua, si mfalme, si mvinyo. Ni tendo la kurusha. Kucha kwa siku kunaelezwa kama mrusho mmoja unaofanywa mara tatu. Mara ya kwanza unauona, kwa sababu mwanga unafika juu ya dari. Mara ya pili unausikia, kwa sababu kete imegonga chuma. Mara ya tatu unauelewa, kwa sababu sasa ni neno. Kutoka jicho, hadi sikio, hadi akili. Mfasiri akitumia vitenzi vitatu tofauti, kwa mfano jua limetandaza, mfalme ametumbukiza, mnadi amepaza, kila mshororo utapendeza peke yake na ubeti utakuwa umevunjika vipande vitatu.

Kwa bahati Kiswahili kina kitenzi kinachoweza kubeba mirusho yote. Kutupa kinafaa kwa kamba na kwa kete, lakini kinakwama kwenye sauti. Tena kutupa kwetu kuna harufu ya jalala, ya kitu kisichotakiwa. Kurusha hakina shida hiyo. Mvuvi wa nyavu ndogo anarusha, mtoto anarusha kete, na redio inarusha matangazo. Huo wa redio ndio ulionivutia. Mnadi wa alfajiri anayesambaza wito wake katika siku zote anafanya kile ambacho Kiswahili cha leo kinakiita kurusha, bila mimi kulazimisha chochote.

Sasa vitu vyenyewe, nianze na kamandi. Ni kamba ndefu yenye tanzi mwishoni, silaha ya wapiganaji wa Kiajemi wa kale. Katika Shahnama ya Firdausi, iliyokamilika mwaka 1010, mashujaa wanawanasa maadui zao kwa kamandi na kuwaangusha kutoka juu ya farasi. Kwa hiyo FitzGerald hakukosea alipoona unasaji. Lakini humo humo katika Shahnama kuna matumizi ya pili. Kijana Zal anapokwenda usiku kumtembelea Rudaba, binti anateremsha nywele zake ndefu kutoka juu ili ampandie. Zal anakataa kuziumiza. Anachukua kamandi, anairusha hadi kwenye ukingo wa juu wa nyumba, inanasa, naye anapanda hadi darini.

Kamandi inayorushwa juu ya dari, basi, ni ya kupandia. Mwindaji anamrushia mnyama, hairushii nyumba. Ukiusoma ubeti kwa macho hayo, jua si mkamataji aliyesimama mbali akaunasa mnara. Ni mtu anayepanda. Mwanga unaoshika ukingo wa juu wa nyumba kabla haujafika uani ni kamba yake iliyokwisha kunasa, na muda si mrefu yeye mwenyewe atatokea. Hii ni sahihi hata kwa anayetazama alfajiri yenyewe: nuru huanzia juu ya nyumba, ikafuata ukuta, ikamalizikia mlangoni, na jua lenyewe likaonekana mwisho. Mshairi ameona kwa usahihi. Picha ya mshale inaupoteza usahihi huo, kwa sababu mshale unafika mara moja na kazi yake imekwisha.

Kwa Kiswahili, neno la kwanza linalokuja ulimini ni kitanzi. Liandike, kisha lisome kwa sauti pamoja na dari. Kitanzi darini. Hakuna Mswahili atakayeona mapambazuko hapo. Ataona mtu aliyejinyonga. Kamusi haitakuonya, kwa sababu kitanzi na kamandi vinalingana kabisa kama vitu. Kinachotofautiana ni yale ambayo watu wamekwisha kuyafanya kwa kitu hicho na kuyasimulia. Namna ya kuligundua kosa la aina hii ni moja tu ninayoijua: kumsomea mtu ambaye hajui asili, mstari mmoja bila maelezo, halafu kumuuliza anaona nini. Nimechagua kamba. Ni neno la jumla zaidi, na tanzi lake limepotea, lakini kamba inayorushwa darini inasema kupanda, na kupanda ndiko kulikotakiwa.

Dari nayo ina mtego wake. Bam ya Kiajemi ni sehemu ya juu ya nyumba iliyo bapa, ambako watu hutandika na kulala usiku wa joto. Kwa msomaji wa bara, paa ni la mabati au nyasi na limeinama, na kamba ikirushwa hapo inateleza. Wa Lamu au Unguja mjini, aliyezoea nyumba za mawe, haoni tabu kuielewa dari ambayo mtu anaweza kusimama juu yake. Nimekubali kumtegemea huyo wa pili. Kuna wakati mfasiri hana budi kuchagua ni masikio ya nani atakayoandikia.

Mshororo wa pili ndio mgumu zaidi, na ndio mtamu zaidi. Kaikhusrau ni mfalme wa visa vya kale katika Shahnama. Msomaji wetu aliyepita madrasa anamjua Kisra, jina ambalo Waarabu waliwaita wafalme wa Uajemi, na kishawishi cha kumweka Kisra mahali pa Kaikhusrau ni kikubwa: silabi chache, jina linalofahamika, hadhi ile ile. Lakini Kisra hana kikombe. Kaikhusrau anacho. Katika Shahnama, kijana Bizhan anapopotea, akiwa amefungwa ndani ya shimo katika nchi ya maadui, Kaikhusrau anangoja hadi Nauruzi, anakiinua kikombe chake cha ajabu ambamo dunia yote huonekana, anatazama upande mmoja hadi mwingine, na humo anamwona kijana akiwa shimoni.

Kwa hiyo mshairi anapomwita jua Kaikhusrau wa mchana na kumpa kikombe mkononi, msomaji wa Kiajemi anapata mambo mawili kwa pamoja. Kikombe ni anga, ambalo lina umbo la bakuli. Na kikombe ni kile kinachoonyesha dunia yote, ambayo ndiyo kazi hasa ya mchana: usiku vitu vimefichika, jua linapopanda kila kitu kinaonekana, hata aliye shimoni. FitzGerald alipolitaja bakuli la usiku badala ya kikombe cha Kaikhusrau, alihifadhi umbo na mlio, akapoteza kuonekana kwa dunia.

Nimetumia kombe. Kikombe cha leo ni cha chai, na udogo wake unaliua anga. Kombe ni kubwa zaidi, lina hadhi, na kuna jambo ambalo sikulitarajia: sisi sote tunasema Kombe la Dunia bila kufikiri, na Waajemi wa leo nao wanauita mpira ule ule kwa neno jam. Kombe la kuonyesha dunia na Kombe la Dunia hayana undugu, lakini sikio la msomaji linapata upana uliohitajika. Pwani kombe lina pia maana ya aya zinazoandikwa kwa zafarani kwenye sahani, zikaoshwa na kunywewa na mgonjwa. Maana hiyo nayo haidhuru hapa, maana mshororo unaofuata ni wa kunywa.

Muhra ni ushanga, gololi au kete ya mchezo. Jiwe la FitzGerald linakaribia, lakini jiwe halina umbo maalumu, wakati muhra ni duara na ndogo, nalo jua likichomoza ni duara. Kwa hiyo Kaikhusrau wa mchana ni jua, na kete anayoirusha nayo ni jua, likitokea katika ukingo wa anga. Mrushaji na kinachorushwa ni kitu kimoja. Kete inafaa sana: ni ndogo, ni ya mviringo, na wacheza bao wanaujua mlio wake inapoangukia shimoni. Msomaji wetu huenda asiijue ishara ya safari, ila atausikia mlio, na huo ni mwanzo mzuri.

Lakini desturi yenyewe tuifanyeje? Kuna njia inayovutia: kuibadilisha picha kwa ya kwetu. Tunayo mbiu ya mgambo. Tunayo siwa, baragumu la heshima la Lamu na Pate, lililopigwa kwa shughuli kubwa. Ningeweza kusema kwamba asubuhi imepiga siwa, na kila mtu angeelewa kuwa watu wanaitwa. Maana ya ishara ingesalimika. Ila tazama kinachofuata: mshororo wa tatu unamwambia msomaji anywe, na anaweza kuambiwa anywe kwa sababu kombe limekwisha kutajwa. Siwa haina pa kutilia mvinyo. Ukitoa kombe, amri ya kunywa inaanguka kutoka hewani. Hicho ndicho kipimo ninachokitumia kwa kila picha inayoonekana ngeni: naangalia ni picha gani nyingine imesimama juu yake. Kama hakuna, inaweza kubadilishwa. Kama ipo, iachwe, hata kwa gharama ya maelezo mafupi chini ya shairi. Kombe limeshikilia ubeti wote, kwa hiyo nimeliacha, na nimeweka maelezo ya sentensi moja kuhusu ishara ya wasafiri.

Kuna jambo lingine ambalo linaweza kumshangaza asiyezoea nakala za mkono. Katika nakala nyingine za ubeti huu, mahali pa muhra pana bada, yaani mvinyo. Kaikhusrau wa mchana hatupi kete katika kombe, anamimina mvinyo. Hapo picha ni nyingine kabisa. Hakuna mlio, kuna rangi: wekundu wa alfajiri unajaa angani kama kinywaji kinavyojaa kikombeni. Hakuna safari wala kambi. Amri ya kunywa inatoka moja kwa moja kwenye kombe lililojazwa, na ubeti unakuwa mwepisi, wa raha, usio na wasiwasi. Ni shairi zuri, nalo lina watetezi wake.

Mfasiri hawezi kubeba vyote viwili. Mimi nimeshika kete, kwa sababu ya maana inayozaliwa. Ukiwa na mvinyo tu, alfajiri ni karamu: siku imeanza, tunywe. Ukiwa na kete, alfajiri ni ishara ya kuondoka, na mtu anaambiwa anywe huku watu wakifunga mizigo. Asubuhi hapa si mwanzo wa kitu. Ni taarifa kwamba usiku uliokuwa makao umekwisha. Anayeambiwa anywe haambiwi kwa sababu ana siku nzima mbele yake, anaambiwa kwa sababu hana. Nikilinganisha na rubai nyingine zinazobeba jina la Khayyam, zile zinazorudia kwamba tulio hapa hatukai, naona kete ndiyo iliyo nyumbani kwake. Huo ni uamuzi wangu wa kusoma, na mwingine akiamua vinginevyo sitamwita mpotofu.

Kisha anakuja mnadi. Hapa Kiswahili kina utajiri ambao Kiingereza cha FitzGerald hakikuwa nao, na nadhani ndiyo sababu mojawapo iliyomfanya auache mshororo huu nje ya ubeti. Munadi wa Kiajemi ni mnadi wetu, neno ni lile lile la Kiarabu, ingawa sisi leo tunamwona zaidi mnadani akipandisha bei. Mtu anayeamka alfajiri na kupaza wito juu ya mji, kwa msikilizaji wa Nishapur kama kwa msikilizaji wa Mombasa, ni mwadhini. Na neno analoita, ishrabu, ni la Kurani. Limo katika Suratul Aaraf, mahali ambapo wanadamu wanaambiwa wale na wanywe lakini wasifanye israfu. Mshairi amelichukua neno moja kutoka katikati ya amri hiyo, akaacha kula, akaacha katazo, akamkabidhi mnadi.

Hii ni sitiari ya hatari, na imefanywa kwa makusudi. Wako wanaosema mvinyo huu ni wa kiroho, kama ulivyo kwa washairi wa kisufi, na kwamba ishrabu ni mwito wa kumjua Mungu. Wako wanaosema ni mvinyo wa zabibu na mshairi anachokoza. Mfasiri akiandika tu kunyweni, mabishano hayo yote yanazimika, kwa sababu msomaji hatajua kuwa neno limetoka wapi. Nimeliacha ishrabu kama lilivyo. Masikio yaliyopita madrasa yatashtuka, kama yalivyotakiwa kushtuka, na masikio mengine yatafahamishwa na mshororo wenyewe, kwa kuwa kunywa kumekwisha kutajwa. Kwa kinywaji nimesema mvinyo. Tembo la mnazi lingeuhamishia ubeti wote Tanga, na divai ina harufu ya kanisa.

Sasa mizani. Rubai ya Kiajemi ina silabi chache kuliko tarbia yetu ya mizani 16, na hapo kuna tatizo ambalo wafasiri wa mashairi wanalijua vizuri: nafasi inabaki, na kishawishi ni kuijaza kwa hakika, kwa yakini na kwa kweli. Mistari inatimia, picha zinalegea. Nilijaribu kuanzia mwisho wa mishororo, kwenye kipande cha pili, yaani utao, ili radifu ikae mahali pake kwanza. Kiswahili kilinipa zawadi ya kiambishi ni cha mahali. Kamba darini karusha. Kete kombeni karusha. Mbiu sikuni karusha. Kila kipande ni mizani 8: kitu kinachorushwa kina silabi mbili, mahali kinapoangukia pana tatu, na mrusho wenyewe una tatu. Kina ni kiko palepale pa bam, jam na ayyam, na karusha liko palepale pa afgand. Sikuni ni neno lililobanwa kidogo, nalikiri, lakini linasomeka.

Hiyo karusha nayo inatenda kazi ya ziada. Kwa ngeli yake, jua lingetaka limerusha, na jua linalorusha kwa ngeli yake ni kitu. Jua karusha ni mtu, na msomaji anamwona mtu huyo kabla jina la Kaikhusrau halijatajwa. Kiajemi hakina ngeli, kwa hiyo mshairi alihitaji mfalme ili kulipa jua mwili. Sisi tunaanza kulipa mwili katika mshororo wa kwanza.

Uliobaki ni mshororo wa tatu. Katika rubai huu ndio usiofuata kina, na ndio pekee ambao mshairi anamgeukia mtu na kusema naye. Tarbia yetu ina mazoea tofauti: mitatu ya kwanza inafuatana na wa mwisho ndio unaotoka. Nikiutii mpangilio huo, mnadi anatolewa nje ya mnyororo wa mirusho mitatu, na amri ya kunywa inafungwa ndani yake, kinyume kabisa cha asili. Nimeuacha wa tatu uende bila kina, ingawa najua mshairi wa jadi atakunja uso.

Na katika mshororo huo kuna tofauti ndogo ambayo Kiingereza hakiwezi kuionyesha, kwa kuwa kwake kunywa ni kunywa, awe mmoja au mia. Amri ya Kiajemi ni ya umoja. Ishrabu ya Kiarabu ni ya wingi. Mnadi anawaita wote, na mshairi anamshika mkono mmoja pembeni na kumwambia: wewe, kunywa.